Taa ya sola mwaloni inazimika saa 7 usiku wakati wa mvua: paneli na betri zinatakiwa ziwe za ukubwa gani?

#1 NahodhaWaUjiji

Wakuu, salaam. Kamati ya mwalo wetu, upande wa Ujiji, imechangisha fedha za kusimamisha nguzo mbili mpya za taa za sola, na kabla hatujanunua chochote ninaomba tukokotoe pamoja. Taa tuliyonayo sasa ni ile ya kipande kimoja, yaani paneli, betri na taa vyote vimo kwenye bodi moja, na kwenye boksi lake imeandikwa 300W. Kiangazi ilikuwa ikifika saa 9 usiku. Tangu mvua zianze inazimika kwenye saa 7, na mawingu yakikaa siku mbili mfululizo inazimika kabla watu hawajamaliza kula chakula cha usiku.

Shida yetu kubwa ni alfajiri. Mitumbwi ya dagaa huanza kurudi saa 10, na akina mama hupokea mzigo kwa mwanga wa tochi za simu, mtu hajui ndoo iliyopimwa ni yake au ya jirani. Muuzaji anatushauri tununue ile ya 500W. Mimi nauliza: mtu anayetaka taa ikeshe hadi asubuhi hata mawingu yakikaa siku tatu, hesabu yake anaianzia wapi?

#2 MtuWaMawese

Hapo tatizo ni betri, Nahodha. Betri ndogo haina akiba ya siku za mawingu. Paneli yenu ilikuwa inatosha kiangazi, kwa hiyo iacheni, mtafute fundi afungue bodi na kuongeza betri nyingine sambamba na iliyopo. Mtatumia fedha kidogo na nguzo mpya hamtazihitaji.

#3 Fundi Nguzo

Mkuu Mawese, hata kiangazi haikuwa inatosha, maana amesema ilikuwa inaishia saa 9. Nahodha, kabla sijasema lolote, naomba upande na futi ya fundi cherehani uipime ile paneli, urefu na upana, kisha usome kibandiko cha betri kama kinafikika. Hiyo 300W ya kwenye boksi usiitumie katika hesabu yoyote.

#4 NahodhaWaUjiji

Nimepanda leo asubuhi na kijana wangu akishika ngazi. Paneli ina sentimita 60 kwa 35. Kwenye betri imeandikwa 3.2V 60Ah. Nimekuta pia vumbi na masizi vimeganda ukingo wa chini, nimefuta.

#5 Fundi Nguzo

Ahsante, vipimo hivyo vinatosha kueleza kila kitu ulichokiona.

Paneli nzuri za siku hizi, jua likiwa kali la utosi, hutoa takriban wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, na nyingi za madukani hazifiki juu sana ya hapo. Yako ni 0.6 mara 0.35, yaani mita za mraba 0.21, kwa hiyo ni paneli ya wati 42 kama ni nzuri kweli. Hakuna namna ya kupata wati 300 kwenye eneo dogo hivyo.

Sasa chukua siku ya kawaida ya msimu wa mvua. Mimi huku Kigoma huwa nahesabu jua la saa 4 kamili kwa siku wakati wa mvua. Simaanishi kwamba jua huonekana saa 4 tu. Namaanisha kwamba mwanga wote wa siku ukikusanywa ni sawa na saa 4 za jua kali. Halafu natoa asilimia 30 kwa ajili ya joto la paneli, vumbi, nyaya na hasara za kuchaji. Wati 42 mara saa 4 mara 0.7 inakupa wati-saa 118 hivi zinazoingia kwenye betri. Katika kuzitoa kuna hasara nyingine kidogo ndani ya kiendeshi cha taa, zinabaki kama 106. Taa yako inazimika baada ya saa 6, maana yake inakula wati 18 tu. Kwa hiyo hiyo ni taa ya wati 18 yenye mwanga wa saa 6, na jina lake ni mia tatu.

Betri yenyewe ni 3.2 mara 60, yaani wati-saa 192. Paneli haiwezi kuijaza kwa siku moja hata ikiwa tupu kabisa. Ndiyo maana, mkuu Mawese, kuongeza betri hapo hakutaongeza hata dakika moja wakati wa mvua. Utapata tangi kubwa zaidi linaloingiza maji yale yale.

#6 Mama Sikonge

Samahani, mimi niko Sikonge, Tabora, na ninashangaa mnavyohangaika. Nyumbani nina paneli moja ya wati 100, taa tano na televisheni, na hatujawahi kulala gizani. Mbona nguzo moja iwashinde?

#7 Fundi Nguzo

Dada yangu, taa zako za nyumbani zinawaka saa 4 au 5 kisha mnazima mnalala, na siku ya mawingu mkiona betri imechoka mnapunguza televisheni. Taa ya barabarani haina wa kuizima. Kwetu usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa sababu tuko jirani na ikweta, na taa lazima izipitie zote. Hapo ndipo hesabu zinapoachana.

Nahodha, tuanze upya kwa taa ya wati 30 za kweli, ambayo kwenye nguzo ya mita 6 itawatosha kupimia dagaa. Ukiiwasha kwa nguvu zote saa 12, inakula wati-saa 360 kwa usiku. Lakini wewe umeshatuambia mwalo wako unaishi vipi: watu wapo tangu jioni hadi kama saa 5 usiku, katikati pametulia, kisha saa 10 pamejaa tena. Basi iwake wati 30 kwa saa 4 za mwanzo, ishuke hadi wati 10 kwa saa 5 za katikati, ipande tena wati 30 kwa saa 3 za mwisho. Hizo ni 120, 50 na 90, jumla 260. Ukiongeza hasara za kiendeshi inakuwa kama 290 zinazotoka kwenye betri kila usiku.

Angalizo moja hapo: vidhibiti vingi vya bei rahisi vinakuja na mpangilio mmoja tu, mwanga mkali saa 5 za kwanza, kisha hafifu hadi asubuhi. Huo ni mpangilio wa mtaa ambao watu wake wanalala. Kwenu ni lazima mdai kidhibiti kinachokubali kupandisha mwanga tena alfajiri, na mjaribu dukani kabla ya kulipa.

Kwa siku tatu za mawingu, 290 mara 3 ni 870. Betri ya LiFePO4 nisingependa kuitumia zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo 870 gawanya kwa 0.8, karibu wati-saa 1,090. Kwenye betri ya volti 12.8 hiyo ni 85Ah. Sokoni utachukua 100Ah.

#8 MwlUrambo

Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu hesabu kama hizi huwapa wanafunzi wangu wa fizikia. Fundi, nina mambo mawili.

La kwanza, siku tatu za mawingu si usiku tatu. Jumapili jioni betri imejaa, taa inawaka usiku huo. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni mawingu, na kila siku ina usiku wake. Jua linarudi Alhamisi asubuhi. Kuanzia betri ilipojaa hadi inapoanza kujazwa tena umetumia usiku wa Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, yaani usiku nne. Kwa hesabu yako mwenyewe ni 1,160 gawanya kwa 0.8, sawa na wati-saa 1,450, ambazo ni 113Ah. Hiyo 100Ah haitoshi.

La pili linahusu saa za ukutani. Kigoma iko karibu na longitudo ya 30 mashariki, wakati saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata ya 45. Kwa hiyo jua la utosi kwenu hufika karibu saa 7 mchana, na asubuhi hukucha kati ya saa 12:35 na saa 1:10 kutegemea mwezi. Akija mtu na kidhibiti alichokipanga Dar es Salaam kizime saa 12 kamili alfajiri, mwaloni kutakuwa bado giza totoro na dagaa ndio kwanza wanashushwa. Kidhibiti kinachosoma giza kutoka kwenye volti za paneli hakina tatizo hilo.

#9 Fundi Nguzo

Mwalimu, kuhusu usiku nne umesema kweli, na mafundi wengi hukwepa hilo. Ila umehesabu kana kwamba siku ya mawingu paneli haitoi kitu. Hata siku ambayo mtu haoni kivuli chake kabisa, mimi hupata kama robo ya siku ya kawaida. Ni siku chache mno, za mvua kutoka asubuhi hadi jioni, ambapo hupati karibu chochote. Sasa robo hiyo ni ya paneli gani? Hapo ndipo ukubwa wa paneli unapoingia kwenye hesabu ya betri.

Tuseme tumefunga paneli ya wati 120. Siku ya kawaida ya mvua inaingiza 336, ya mawingu 84. Usiku wa kwanza unatoka na 290. Kila siku ya mawingu unarudishiwa 84 na kutumia 290, pengo ni 206. Mara tatu ni 618, jumla 908. Hiyo inataka betri ya 89Ah hivi.

Tukifunga ya wati 200, siku ya mawingu inaingiza 140, pengo ni 150, mara tatu ni 450, jumla 740. Betri ya 73Ah inatosha. Paneli ikikua, betri inapungua, na katika vifaa hivi viwili betri ndiyo inayochakaa mapema.

Lakini kubwa zaidi ni kinachotokea jua likirudi, na hili ndilo linalozima taa nyingi ninazoitwa kuzitazama. Ile ya wati 120 inaingiza 336 na taa inakula 290. Kila siku inabaki 46. Kulipa deni la 908 kwa 46 kwa siku ni karibu siku 20, na msimu wa mvua haukupi siku 20 bila mawingu mengine. Paneli ya 200 inaingiza 560, inabaki 270, deni la 740 linalipwa kwa siku tatu.

#10 MtuWaMawese

Nimekuelewa kuhusu kulipa deni. Lakini bado nasema kwa hapa kwetu kuna vipindi vya mawingu vya siku tano au sita, hasa Desemba na Januari. Paneli yako ya 200 ikishapoteza 150 kwa siku, siku ya tano umeshatoa zaidi ya wati-saa 1,000. Betri kubwa bado ina kazi yake, na sioni kwa nini muifanye 73Ah kuwa kipimo.

#11 Fundi Nguzo

Hapo sikupingi. Mimi pia ningefunga 100Ah na paneli ya 200. Siku ya tano ukiongeza ule usiku wa kwanza ni 1,040, na betri ya 100Ah kwa asilimia 80 inakupa 1,024. Tumekutana.

#12 Seremala wa Mitumbwi

Wakubwa, shikamooni. Mnaongea wati tu na hakuna aliyeugusa upepo. Paneli ya wati 200 ni karibu mita moja nzima ya mraba, imewekwa juu ya nguzo ufukweni, mbele ya ziwa lililo wazi. Sisi tunaojua dhoruba za Tanganyika za msimu wa mvua tunajua upepo unaweza kuja ghafla na kupindua mtumbwi wenye watu. Bango la mita moja juu ya bomba jembamba litayumba mpaka zege la chini litikisike, na mchanga wa mwaloni haushiki msingi mfupi. Kama hamna fedha za nguzo nene na msingi wa kina, paneli ndogo itakayobaki imesimama ni bora kuliko kubwa iliyolala majini.

#13 NahodhaWaUjiji

Hilo la upepo ni la kweli, kuna bango la matangazo lililong'oka hapa mwaka jana. Je, inawezekana paneli isikae juu ya nguzo? Ofisi ya mwalo ina paa la bati, mita kama 15 kutoka hapo.

#14 Fundi Nguzo

Inawezekana, na ni salama zaidi dhidi ya upepo na wezi, ila waya wa mita 15 kwenye volti 12 si mdogo. Paneli ya wati 200 inapitisha kama ampea 11, na kwa waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 30, utapoteza kama volti 2.3 njiani. Chukua wa milimita 6, upotevu unashuka chini ya volti moja. Au weka betri na kidhibiti ofisini na upeleke kwenye nguzo umeme wa taa tu, ambao ni ampea 2.5 hivi. Mimi ningefanya hivyo cha pili.

#15 KijanaKasulu

Fundi, swali. Kila mtu anasema Tanzania iko kusini mwa ikweta kwa hiyo paneli ielekezwe kaskazini. Nami nimefunga zangu hivyo hapa Kasulu, mwinamo nyuzi 15. Ni sahihi kwa taa ya barabarani?

#16 MwlUrambo

Kwa taa ambayo mtihani wake ni msimu wa mvua, mimi naona si sahihi. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini. Mwezi Desemba jua linasimama nyuzi 23 na nusu kusini, yaani saa 7 mchana liko zaidi ya nyuzi 18 upande wa kusini mwa utosi wako. Paneli iliyoinamia kaskazini nyuzi 15 inalikwepa kwa nyuzi 33 na kupoteza kama asilimia 17 ya jua la moja kwa moja. Ukiielekeza kusini kwa mwinamo huo huo, inalitazama jua karibu uso kwa uso. Utapoteza Juni, jua likiwa kaskazini, lakini Juni kwetu ni kiangazi na anga ni jeupe, kuna mwanga wa kutosha hata ukipoteza robo.

#17 Fundi Nguzo

Mwalimu, hesabu yako ya pembe siibishi. Ninachobisha ni kwamba siku zinazotuumiza ni za mawingu, na siku hizo hakuna jua la moja kwa moja la kulitazama. Mwanga unatoka anga lote, na paneli inayokaribia kulala ndiyo inayoliona anga kubwa zaidi. Mimi hufunga kwa nyuzi 10, kwa sababu chini ya hapo mvua haisafishi vumbi na uchafu unaganda ukingo wa chini kama Nahodha alivyokuta. Kwa nyuzi 10, kaskazini au kusini tofauti ni ndogo, na ninachotazama zaidi ni mwembe uko upande gani. Kivuli cha tawi moja saa 9 alasiri kinakula kuliko hizo nyuzi.

#18 MwlUrambo

Siku za kulipa deni si za mawingu, Fundi. Jua likitokea Alhamisi, asilimia hizo 17 ndizo zinazoamua kama deni litalipwa kwa siku tatu au nne. Nitaendelea kusimamia kusini.

#19 Mama Sikonge

Naomba niulize langu sasa, maana uzi umenifungua macho. Kwenye geti letu kuna taa ya sola ya mwaka wa tatu, betri yake ni ya jeli 12V. Zamani ilikesha, sasa inazimika saa 5 usiku hata baada ya siku za jua kali. Nibadilishe paneli?

#20 Fundi Nguzo

Usinunue kitu kabla ya kupima, dada. Siku ya jua kali pima volti za betri saa 4 asubuhi, kisha tena saa 8 mchana, kidhibiti kikiwa kinachaji. Kama saa 4 tayari imefika volti 14.2 au zaidi na kidhibiti kinaonyesha imejaa, huku usiku inaisha mapema, betri ndiyo imekufa: inajaa haraka kwa sababu nafasi ndani imebaki ndogo. Kama saa 8 mchana bado inahangaika kwenye 13 na kitu, paneli haileti cha kutosha. Ioshe kwanza, angalia kivuli na viungo vya waya, ndipo uifikirie.

Kwa maelezo yako nadhani ni betri. Betri za jeli zikikaa wiki nyingi bila kujaa kabisa, vibati vyake hufanya salfa ngumu na uwezo haurudi. Huenda iliuawa na mvua za mwaka jana, na sasa ndiyo unaona matokeo yake.

#21 NahodhaWaUjiji

Ahsanteni sana. Nimepeleka kwenye kamati hivi: taa ya wati 30, betri ya LiFePO4 ya 100Ah ikae ofisini, paneli juu ya bati, kidhibiti cha vipindi vitatu kinachosoma giza chenyewe. Mweka hazina ameuliza kama tunaweza kuweka paneli ya 160 badala ya 200 ili fedha inayobaki iende kwenye nguzo ya pili. Kwa njia ya Fundi nimepata inaingiza 448 kwa siku, inabaki 158, na baada ya siku tatu za mawingu deni ni 824, yaani siku tano na kidogo kulilipa.

#22 MtuWaMawese

Wekeni 160. Alfajiri mkiona betri inashuka, shusheni zile wati 10 za katikati hadi 5. Mnapata 25 kila usiku bila kununua kitu.

#23 Fundi Nguzo

25 ni kweli, lakini siku tano za jua mfululizo mwezi Januari mimi sijaziona mara nyingi hapa. Na bati la ofisi linainamia upande gani, Nahodha? Kama linaelekea magharibi ziwani, hiyo saa 4 yangu ya jua itapungua na 160 haitafika.

#24 Seremala wa Mitumbwi

Linaelekea ziwani. Nililiezeka mimi.